Hofu ya Mtihani wa Kidato cha Nne na Mzigo wa Kujilinganisha: Mfano wa Mwanafunzi wa Bombambili, Songea

Mtihani wa Taifa wa Kidato cha Nne kwa kawaida hufanyika mwezi Novemba. Majuma machache kabla yake, zahanati na vituo vya afya vilivyo jirani na shule za sekondari hupokea wagonjwa wanaofanana: vijana wa miaka 16 hadi 19 wanaolalamika kuumwa kichwa, tumbo kusokota, moyo kwenda mbio na kukosa usingizi. Wengi huja wakiamini kuwa wana malaria au taifodi, na baadhi huondoka na dawa za maradhi hayo ilhali hawana hata moja. Makala haya yanafuata mfano mmoja wa namna hiyo, ili kuonyesha hofu ya mtihani inavyotambuliwa, inavyohusiana na tabia ya mwanafunzi kujipima kwa mwenzake, na kile ambacho mhudumu wa afya, mzazi na mwanafunzi mwenyewe wanaweza kukifanya katika muda mfupi uliobaki.

Mfano umewekwa katika kata ya Bombambili, Manispaa ya Songea, mkoani Ruvuma. Binti anayeelezwa si mtu mmoja anayeweza kutambuliwa. Ametungwa kwa ajili ya somo kutokana na dalili zilizozoeleka.

Binti huyu ana miaka 17. Anasoma shule ya kutwa na anaishi na shangazi yake. Anafika zahanati mwanzoni mwa Oktoba akisema kichwa kimemuuma kwa majuma mawili, tumbo humsokota asubuhi kabla ya kwenda shule, na usiku hulala saa nne au tano tu. Shangazi ameshamnunulia dawa ya malaria dukani bila kipimo, kisha dawa ya minyoo, na hali haijabadilika.

Kosa la kwanza linaloweza kutokea hapa ni kumwambia, "Hiyo ni hofu ya mtihani tu," kabla ya kumpima. Hofu haimkingi mtu na maradhi mengine. Songea ni eneo lenye malaria, kwa hiyo kipimo cha haraka cha malaria hakina budi kufanyika. Binti wa umri huu anaweza kuwa na upungufu wa damu, hasa kama hedhi ni nyingi, na upungufu huo huleta uchovu, kizunguzungu na mapigo ya haraka ya moyo, dalili zilezile anazolalamikia. Kiwango cha hemoglobini kilicho chini ya gramu 12 kwa desilita kwa msichana asiye mjamzito kinahitaji kushughulikiwa. Mhudumu ataangalia pia kama binti anaona vizuri ubaoni, maana macho yanayolazimishwa huumiza kichwa, na ataangalia uwezekano wa ujauzito kwa faragha na kwa heshima. Ikiwa mapigo ya moyo yanazidi 100 kwa dakika hata baada ya kupumzika, mikono inatetemeka na uzito unapungua ingawa anakula vizuri, tezi ya shingo nayo itafikiriwa.

Jambo moja husahaulika mara nyingi: anakunywa nini usiku? Ruvuma ni mkoa wa kahawa, na kahawa ya Mbinga haikosekani mjini Songea. Vinywaji vya kuongeza nguvu navyo vinauzwa karibu kila duka. Binti wa mfano wetu anapoulizwa anasema hunywa kopo moja la kinywaji hicho saa tatu usiku na kikombe cha kahawa saa sita. Kafeini hukaa mwilini kwa saa nyingi. Baada ya takriban saa tano nusu yake bado imo kwenye damu. Inafukuza usingizi, inaharakisha moyo, na inamfanya mtu mwenye wasiwasi auhisi wasiwasi huo maradufu.

Malaria hakuna. Hemoglobini ni gramu 12.4. Macho yako sawa. Hapo ndipo mhudumu anapovuta kiti, anafunga mlango na kuuliza habari za shule.

"Moko ulipata ngapi, mwanangu?"

"Nimekuwa wa arobaini na sita, dokta. Kati ya mia na kumi na mbili."

Jibu hili linastahili kusikilizwa kwa makini. Ameulizwa alama, naye ametaja nafasi. Mtihani wa utamilifu, ambao wanafunzi huuita moko, ulimpa alama za masomo manane, lakini kilichobaki kichwani mwake ni idadi ya wenzake waliomzidi. Muhula uliotangulia alikuwa wa 31. Ameporomoka hatua 15, na rafiki yake wanayeketi dawati moja amekuwa wa tisa. Shangazi aliposikia alisema maneno yasemwayo na wazazi wengi bila nia mbaya: "Mwenzako anaweza ana nini ambacho wewe huna?" Tangu siku hiyo binti amekuwa akiifuata ratiba ya rafiki yake, kwa kuwa rafiki husoma hadi saa nane usiku.

Kabla ya kuendelea na binti huyu, inafaa kueleza hofu inafanya nini mwilini, kwa sababu maelezo hayo yenyewe ni sehemu ya tiba. Mwili unapohisi hatari, ubongo huamuru tezi zilizo juu ya figo zimwage adrenalini, na baadaye kortisoli. Moyo huongeza kasi, pumzi huwa fupi, damu huelekezwa kwenye misuli, na utumbo hubadili mwendo wake. Ndiyo maana tumbo husokota na mtu huenda chooni mara kwa mara. Utaratibu huu ulimfaa mtu anayemkimbia simba. Mwanafunzi aliyeketi mbele ya karatasi hana pa kukimbilia, na nguvu hizo zote hukosa kazi.

Hofu kiasi husaidia: humwamsha mtu na kumfanya aanze kazi. Ikizidi, hukaba sehemu ya kumbukumbu inayoshikilia mambo machache kwa wakati mmoja, ile tunayoitumia kubeba tarakimu mbili huku tukizijumlisha, au kukumbuka swali huku tukitunga jibu. Nafasi hiyo ni finyu hata kwa mtu mtulivu. Wazo kama "mwenzangu keshafika swali la nne" likiingia humo, linachukua nafasi ya hesabu iliyokuwa ikifanyika. Mwanafunzi huliita jambo hili kichwa kuwa kitupu. Alichojifunza hakijapotea, ila kimekosa pa kuwekwa kwa muda huo, na ndiyo sababu majibu mengi humjia akishatoka nje ya chumba.

Kujilinganisha basi ni zaidi ya suala la tabia. Ni mzigo unaokaa mahali palepale ambapo fikra za mtihani zinapaswa kukaa. Swali linalobaki ni kama mzigo huo una faida yoyote katika mtihani wenyewe, na jibu lake linapatikana katika utaratibu wa Baraza la Mitihani la Tanzania wa kupanga madaraja.

Katika mtihani wa Kidato cha Nne, kila somo hupewa daraja kwa viwango vilivyowekwa na vinavyojulikana. Alama 75 hadi 100 ni A, 65 hadi 74 ni B, 45 hadi 64 ni C, 30 hadi 44 ni D, na chini ya 30 ni F. A huhesabiwa pointi 1, B pointi 2, C pointi 3, D pointi 4 na F pointi 5. Huchukuliwa masomo saba ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi, pointi zake hujumlishwa, na jumla hutoa divisheni: pointi 7 hadi 17 ni divisheni ya kwanza, 18 hadi 21 ya pili, 22 hadi 25 ya tatu, 26 hadi 33 ya nne, na 34 au 35 ni sifuri.

Katika hesabu hiyo yote nafasi ya darasani haimo. Darasa zima likipata alama 45 katika Jiografia, darasa zima lina C. Rafiki wa dawati moja akipata 80, C ya mwenzake haigeuki kuwa D. Hakuna idadi maalumu ya divisheni ya kwanza inayogombewa na wanafunzi wa shule moja. Ushindani huja baadaye, katika kugawana nafasi za kidato cha tano na vyuo, na hata huo ni wa nchi nzima wala si wa dawati moja.

Baraza lenyewe limepunguza mashindano ya namna hii. Lilipotangaza, Januari 2023, matokeo ya mtihani wa mwaka 2022, liliacha desturi ya muda mrefu ya kutaja shule kumi bora na watahiniwa kumi bora. Hata hivyo matokeo bado hutolewa kwa orodha ya shule nzima, kila namba ya mtahiniwa ikiwa na pointi na madaraja yake, na katika mtaa ambako kila mtu anazijua namba za watoto wa jirani, siri haipo. Familia zinafaa kujiandaa kwa hilo mapema.

Sasa mhudumu anamwomba binti ataje alama zake, moja baada ya nyingine, na anaziandika kwenye karatasi. Kiswahili 66, Uraia 58, Jiografia 47, Baiolojia 46, Historia 44, Kiingereza 41, Kemia 33, Hisabati 18. Jumla ni 353, wastani 44. Muhula uliopita, binti anakumbuka, wastani ulikuwa 41. Hapo mhudumu anasimamisha kalamu. Nafasi imeshuka kutoka 31 hadi 46, lakini alama zimepanda. Wenzake walipanda zaidi, basi. Binti aliyekuja akiamini kuwa akili yake inadhoofika ana uthibitisho wa kinyume chake, na uthibitisho huo umetoka kwenye karatasi ileile iliyomliza.

Hesabu inaendelea. Kiswahili ni B, pointi 2. Uraia, Jiografia na Baiolojia ni C, jumla pointi 9. Historia, Kiingereza na Kemia ni D, jumla pointi 12. Hisabati ni F na haimo katika saba bora. Jumla ni pointi 23, divisheni ya tatu.

Kisha linafuata swali ambalo nafasi ya 46 haiwezi kulijibu: kazi iko wapi? Historia inahitaji alama 1 ili iwe C. Kiingereza kinahitaji alama 4. Yote mawili yakivuka, jumla inakuwa pointi 21, na hiyo ni divisheni ya pili. Kemia inahitaji alama 12 kufikia C, jambo gumu kwa majuma matano ingawa linawezekana. Hisabati nayo inahitaji alama 12 kufikia D, na ikifika haitabadili divisheni kwa sababu itakuwa sawa tu na Kemia. Rafiki yake, aliye hodari wa Kiingereza, anatumia usiku wake karibu wote kwa Hisabati, na kwake yeye huenda ni sahihi. Binti wetu kwa kumwiga amekuwa akitumia saa tatu kila usiku kwenye somo ambalo kwa sasa lina uzito mdogo zaidi katika divisheni yake, na ameiacha Historia aliyobakiza alama moja.

Ukweli wa upande wa pili lazima usemwe pia, maana faraja isiyo na hesabu haimfai mtahiniwa. Kiswahili chake kimezidi mpaka wa B kwa alama 1 tu, Baiolojia imezidi mpaka wa C kwa alama 1, na Jiografia kwa alama 2. Vyote vitatu vikiteleza, na Historia na Kiingereza vikabaki vilivyo, jumla inakuwa pointi 26, yaani divisheni ya nne. Kwa hiyo masomo hayo hayaachwi. Moko pia si mtihani wa taifa: maswali ni mengine, na kwa mtahiniwa wa shule matokeo ya mwisho hujumuisha alama za upimaji endelevu. Karatasi ya mhudumu haiwezi kutabiri. Inaonyesha mahali mwanafunzi aliposimama na mahali ambapo saa moja ya kusoma ina thamani kubwa zaidi. Na kama kozi anayoitamani inadai Hisabati, hesabu hii hubadilika, kwa hiyo mwalimu wa somo au wa taaluma ashirikishwe.

Watu wazima wanaweza kushangaa kwamba kazi hii imefanyika zahanati. Ilichukua dakika kama kumi na tano. Hofu hupenda mambo yasiyo na mipaka: "nitafeli", "nitaaibika", "wenzangu wote". Ikipewa namba na majina ya masomo, hupungua ukubwa. Mwalimu anaweza kuifanya vizuri zaidi kuliko mhudumu, na shule inayobandika orodha ya nafasi ukutani ingeweza kuongeza safu mbili bila gharama: wastani wa mtihani uliotangulia, na alama zilizobaki kufikia daraja linalofuata.

Baada ya hesabu ndipo unapokuja usingizi. Kile mtu alichosoma mchana huimarishwa na ubongo wakati wa usiku akiwa amelala. Anayesoma hadi saa nane na kuamka saa kumi na mbili anakata sehemu ya kazi yake mwenyewe. Binti anashauriwa kuacha kinywaji cha kuongeza nguvu kabisa, kunywa kahawa, kama lazima, kabla ya saa nane mchana, kulala saa tatu na nusu usiku na kuamka saa kumi na moja alfajiri. Hiyo ni saa saba na nusu. Siku mbili au tatu za kwanza kichwa kinaweza kuuma zaidi kwa sababu mwili umeikosa kafeini uliyoizoea. Akiambiwa mapema hatashtuka, na hatarudi kwenye kopo lake. Shangazi, ambaye ameitwa ndani kwa ridhaa ya binti, anaombwa ampunguzie kazi za jioni hadi mtihani uishe na ahakikishe anakula kitu asubuhi, hata kama ni uji tu.

Kuna jambo moja kuhusu namna ya kusoma ambalo linahusiana moja kwa moja na kujilinganisha. Mwanafunzi humwona mwenzake amemaliza daftari zima akadhani amebaki nyuma. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke wa Marekani waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma. Kundi moja lilikisoma tena, jingine lilifunga karatasi na kuandika yale liliyoyakumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikumbuka zaidi. Baada ya juma moja mambo yaligeuka: waliojipima kwa kuandika waliwazidi wenzao wazi. Kusoma tena na tena humpa mtu hisia ya kujua, na hisia hiyo ndiyo anayoionyesha kwa wenzake. Kujipima kunachosha na kunaonyesha mapengo, hivyo anayejipima hujiona dhaifu kuliko aliye karibu naye, ilhali ndiye anayehifadhi zaidi. Kwa Historia ya binti huyu hilo lina maana ya kuchukua swali moja la insha, kufunga daftari, kuandika hoja zote anazozikumbuka kwa dakika ishirini, kisha kufungua na kuongeza zilizokosekana kwa kalamu ya rangi nyingine, na kulirudia swali hilo baada ya siku tatu.

Kwa ajili ya mwili, anafundishwa kupumua. Mtu mwenye hofu hupumua haraka na kutoa hewa ukaa nyingi kupita kiasi. Midomo na vidole hufa ganzi, kichwa huwa chepesi, naye hudhani anakufa. Dawa yake ni kurefusha utoaji wa pumzi: kuvuta kwa pua kwa kuhesabu hadi 4, kutoa taratibu kwa kuhesabu hadi 6, kwa dakika tano. Zoezi hili lifanywe kila siku kuanzia sasa. Anayelijaribu kwa mara ya kwanza ndani ya chumba cha mtihani mara nyingi halimsaidii, kwa kuwa mwili haujalizoea.

Lipo pia zoezi la kuandika hofu. Ramirez na Beilock, mwaka 2011, waliwaomba wanafunzi waandike kwa dakika kumi, kabla tu ya mtihani, yale yaliyowatia wasiwasi kuhusu mtihani huo; wenye hofu kubwa walifanya vizuri zaidi kuliko wenzao wasioandika. Tafiti zilizofuata hazikupata matokeo hayo kila mara, kwa hiyo lisitolewe kama tiba ya uhakika. Halina gharama, na wapo linaowafaa.

Vidonge vya kutuliza ndio mtego mwingine. Wazazi huomba, na baadhi ya maduka huuza, diazepamu kwa mwanafunzi asiyelala. Dawa hiyo hulevya, hupunguza uwezo wa ubongo kuhifadhi mambo mapya, na huzoeleka mwilini. Mtahiniwa aliyeinywa usiku anaweza kuingia chumbani akiwa mtulivu na mzito wa kufikiri. Propranololi nayo hupunguza kasi ya moyo, lakini ni hatari kwa mwenye pumu na haitolewi kwa mazoea. Kwa hofu ya kawaida ya mtihani hakuna kidonge kinachohitajika.

Siku ya mtihani hofu ina namna yake ya kuambukizana, hasa katika dakika za kusubiri nje ya chumba, pale wanafunzi wanapoulizana, "Wewe umesoma mada ile?" Tanzania ina kumbukumbu ya kitabibu inayoonyesha jinsi dalili zinavyoweza kusambaa shuleni bila kijidudu wala sumu. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha karibu na Bukoba, wanafunzi watatu walianza kucheka na kulia pasipo kujizuia. Hadi shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Madaktari Rankin na Philip, waliochapisha taarifa yake mwaka 1963, hawakuona maambukizi wala sumu. Tukio hilo halikuwa la mtihani, ila linafundisha kwamba mwili wa kijana husoma miili ya wenzake. Mwanafunzi akizimia au kuanza kuhema chumbani, msimamizi amtoe polepole mahali asipoonekana na wengine, amkalishe na kumpumzisha pumzi ndefu, bila mayowe na bila umati. Mfuko wa karatasi wa kupumulia usitumike. Kama tatizo ni pumu, unaweza kumdhuru.

Binti anashauriwa afike shuleni mapema lakini akae mbali na kundi linaloulizana mada. Akishapewa karatasi, asome maswali yote kwanza na aanze na lile analoliweza, hata kama ni dogo, kwa sababu jibu la kwanza lililoandikwa huirudishia kumbukumbu nafasi yake. Wenzake wakianza kuomba karatasi za ziada, akumbuke kwamba wingi wa karatasi si alama. Na akitoka asikae kulinganisha majibu. Mtihani uliokwisha haubadiliki, ila wa kesho unaweza kuharibiwa na majadiliano hayo.

Mhudumu hamalizi bila kuuliza swali zito. "Mambo haya yamewahi kukufikisha mahali ukatamani usiwepo duniani, au ukafikiria kujidhuru?" Wahudumu wengi huliogopa swali hili wakidhani litampandikiza mgonjwa wazo. Halimpandikizi, kwa aliye nalo humfungulia mlango. Binti wa mfano wetu anasema hapana, ila aliwahi kutamani augue malaria kali ili asifanye mtihani. Kama angesema ndiyo, asingeachwa peke yake, shangazi angeelezwa kuondoa sumu za mashambani na dawa nyumbani, na angepelekwa siku hiyohiyo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Songea. Rufaa inahitajika vilevile kwa kijana aliyeacha kula, aliyeacha kabisa kwenda shule, anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au anayekaa siku kadhaa bila usingizi lakini akiwa mchangamfu kupita kawaida. Sheria ya Kanuni ya Adhabu bado inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na familia huficha kwa kuogopa polisi; wajibu wa mhudumu wa kumtibu na kumlinda mgonjwa hauondolewi na hofu hiyo. Kwa mtoto anayetaka kuzungumza na mtu asiyemjua, Huduma ya Simu kwa Mtoto inapatikana bila malipo kwa namba 116.

Baada ya majuma mawili binti anarudi kama alivyoelekezwa. Kwa mfano huu tuseme analala saa saba, tumbo limetulia siku nyingi isipokuwa Jumatatu, na kichwa kinauma mara chache. Hofu haijaisha, wala haikutarajiwa kuisha. Kinachoangaliwa ni kama anasoma, anakula, analala na anakwenda shule. Lau dalili zingebaki zilezile au kuzidi, huo ungekuwa wakati wa kufikiria ugonjwa wa wasiwasi au sonona uliokuwepo kabla ya mtihani na utakaoendelea baada yake, na kumpeleka kwa mtaalamu wa afya ya akili.

Kabla hajaondoka anapangiwa tarehe nyingine, ya mwishoni mwa Januari. Shangazi anashangaa, maana mtihani utakuwa umekwisha. Mhudumu anaeleza kuwa wakati huo ndipo matokeo hutoka, na kwamba ni vema wakayaangalia pamoja nyumbani kabla jirani hajayaangalia, wakiwa na ile karatasi yenye masomo manane mezani, pamoja na anwani ya chuo cha ufundi na utaratibu wa kurudia masomo kama mtahiniwa wa kujitegemea. Binti anaikunja karatasi yake mara mbili na kuiweka ndani ya daftari la Historia.